Shiti Inayoonekana Tupu: Data Zilizopotelea Mbali na Shiti Zilizofichwa Katika Excel

Shiti ya Excel ikifunguliwa na kuonyesha miraba mitupu peke yake, mara nyingi data hazijafutika. Zipo palepale zilipoandikwa, ila dirisha linatazama mahali pengine. Dalili ya pili huambatana na hiyo: kitelezi, yaani kile kipande kinachoburutwa ndani ya upau wa kusogezea upande wa kulia, kimesinyaa kikawa kidogo mno, na kikiguswa tu ukurasa unaruka maelfu ya mistari. Dalili hizi mbili kwa kawaida zina chanzo kimoja. Kuna kitu kimeachwa mbali sana na data halisi, na Excel inakihesabu.

Ili kuelewa kwa nini kitu kimoja cha mbali kinaweza kuvuruga shiti nzima, inafaa kujua ukubwa wa shiti yenyewe. Tangu toleo la 2007, kila shiti ina mistari 1,048,576 na safu 16,384. Mistari ni ile inayolala, yenye namba pembeni kushoto. Safu ni zile zinazosimama, zenye herufi juu, kuanzia A hadi XFD. Mafaili ya zamani ambayo majina yake huishia na `.xls` hukomea mstari wa 65,536 na safu ya IV. Kazi za kawaida za ofisi, shule au duka hazikaribii kujaza eneo lote hilo, na Excel nayo haijisumbui nalo lote. Inakumbuka mstatili mmoja tu, unaoanzia seli ya kwanza iliyotumika na kuishia pale mstari wa mwisho uliotumika unapokutana na safu ya mwisho iliyotumika. Pembe hiyo ya mwisho yenyewe inaweza kuwa tupu. Kama kuna neno katika seli Z5 na jingine katika A900, pembe ya mwisho ni Z900, ingawa hakuna aliyewahi kuandika chochote hapo.

Mstatili huo ndio unaoamua urefu wa kitelezi. Orodha yenye mistari 300 humpa mtumiaji kitelezi kinene, kwa sababu skrini moja huonyesha sehemu kubwa ya orodha hiyo. Mstatili ukifika mstari wa 1,048,576, kitelezi hubanwa hadi kipimo cha chini kabisa. Tuseme upau wa kusogezea una urefu wa nukta 600 za skrini. Kila nukta moja sasa inabeba mistari zaidi ya 1,700. Orodha nzima ya watu 300 imelala ndani ya sehemu ndogo ya nukta moja, na hakuna mkono uliotulia kiasi cha kukisogeza kitelezi kwa kipimo hicho. Mtumiaji akiburuta kidogo anajikuta mstari wa 5,000 au wa 40,000, akizungukwa na miraba mitupu, na ni rahisi kuamini kwamba kazi yote imepotea.

Jambo linalowashangaza wengi ni maana ya seli iliyotumika. Kwa Excel, seli imetumika ikiwa ina neno, namba au fomula, lakini pia ikiwa imepakwa rangi, imechorewa mpaka, au imepewa mtindo wake wa tarehe au wa fedha. Seli isiyo na herufi hata moja inaweza kuusukuma mstatili mbali kwa sababu ya mpaka mwembamba tu. Na hapa ndipo penye kosa linalorudiwa kuliko yote. Kitufe cha Delete hufuta maandishi ya seli na kuacha mapambo yake. Mtu anachagua maelfu ya seli za chini, anabonyeza Delete, haoni mabadiliko yoyote, kisha anahitimisha kwamba Excel imeharibika. Haijaharibika. Alichofuta hakikuwa kile kilichokuwa kikihesabiwa.

Vitu hivi hufikaje mbali namna hiyo? Njia kuu ni kibodi. Ctrl pamoja na mshale wa chini humpeleka mtumiaji mwisho wa data zilizopangana. Kama safu haina kitu chini yake, hakuna pa kusimama hadi sakafu ya shiti. Ctrl, Shift na mshale wa chini hufanya vivyo hivyo huku zikichagua kila seli njiani. Anayetaka kuchora mipaka ya orodha yake kwa njia hiyo, akianzia kwenye safu tupu, amechora mipaka kwenye seli zaidi ya milioni moja kwa mguso mmoja. Kupaka rangi safu nzima kwa kubofya herufi yake ya juu hakuleti madhara hayo, kwa sababu pambo hilo huhifadhiwa mara moja kama sifa ya safu yote. Ni uchaguzi unaoanzia katikati, kwa mfano kutoka B2 hadi chini kabisa, unaolazimisha pambo kuandikwa seli kwa seli. Ndiyo maana faili la aina hii hunenepa pia: orodha ya wanafunzi iliyotakiwa kuwa ndogo inafikia megabaiti kadhaa, inachelewa kufunguka na inagoma kutumwa kwa barua pepe.

Chukua mfano wa daftari la ada za shule. Mstari wa kwanza una vichwa vya habari, na mistari ya 2 hadi 313 ina majina ya wanafunzi 312. Safu zinaanza A hadi H, na H ni ya maoni, ambayo kwa wanafunzi wengi haijajazwa. Karani alitaka kuongeza maoni ya mwanafunzi wa mwisho. Akasimama kwenye safu ya H, akabonyeza Ctrl na mshale wa chini, akajikuta H1048576. Kidole kikagusa kitufe cha nafasi, akabonyeza Enter, kisha akahifadhi faili na kulifunga akiwa huko huko chini. Kesho yake mhasibu analifungua na kukuta ukurasa mweupe.

Excel huhifadhi pamoja na faili mahali dirisha lilipokuwa likitazama, kwa hiyo mhasibu amefunguliwa mahali alipoishia karani. Ushahidi uko wazi mbele yake kabla hajabonyeza chochote: namba za mistari pembeni kushoto hazianzi na 1, zinasoma milioni moja na ushei. Ctrl pamoja na Home zinamrudisha A1, na majina 312 yanatokea yote. Kama vichwa vya habari vimegandishwa kwa `Freeze Panes`, atatua kwenye seli ya kwanza chini ya vichwa hivyo, na hilo ni sawa. Mara chache, mtu huwa amegandisha dirisha likiwa limeteremka tayari. Hapo mistari iliyoachwa juu haifikiki kwa kusogeza hata kidogo, na dawa ni kwenda `View`, kisha `Freeze Panes`, kisha `Unfreeze Panes`.

Kurudi nyumbani hakujaondoa tatizo, kwa kuwa kitelezi bado ni kidogo. Hatua inayofuata ni kubonyeza Ctrl na End, zinazompeleka mtumiaji kwenye pembe ya mwisho ya ule mstatili. Mhasibu anafika H1048576, ilhali orodha yake inaishia H313. Tofauti kati ya mahali orodha inapoishia na mahali Ctrl na End zinapofika ndiyo kipimo cha uhakika cha tatizo hili. Zikifika palepale orodha inapoishia, basi sababu ni nyingine na hakuna haja ya kufuta chochote.

Kabla ya kufuta inabidi kujua kinachofutwa. Seli H1048576 inaonekana tupu, lakini nafasi iliyoandikwa haionekani kwa macho. Fomula hii, ikiandikwa kwenye seli yoyote ya pembeni, huhesabu herufi zilizomo:

```
=LEN(H1048576)
```

Jibu likiwa 0, seli haionyeshi maandishi yoyote, na mara nyingi kinachohesabiwa ni pambo tu. Kwa mhasibu jibu ni 1, ile nafasi moja ya karani. Seli ya majaribio ifutwe baada ya kusomwa. Kuna njia pana zaidi ya kuuliza data halisi zinaishia wapi bila kujali mapambo. Mtumiaji asimame A1, abonyeze Ctrl na F, aandike alama ya nyota `*`, kisha kwenye `Options` achague `By Rows` na kwenye `Look in` achague `Formulas`. Halafu ashikilie Shift anapobofya `Find Next`. Shift hugeuza utafutaji urudi nyuma, na kwa kuwa nyuma ya A1 hakuna kitu, utafutaji unaanzia sakafuni na kusimama kwenye seli ya mwisho yenye maandishi au fomula. Kuchagua `Formulas` kuna sababu: kukichaguliwa `Values`, mistari iliyofichwa hurukwa.

Mistari iliyofichwa inastahili uangalifu wa pekee. Baadhi ya watu huweka bei, viwango vya kodi au orodha za machaguo mbali na kazi kuu, mathalani mstari wa 5,000 au safu ya AZ, wakaficha mistari hiyo ili isisumbue. Kwa mtu mwingine hizo ni takataka, kumbe ndizo zinazolisha fomula za juu. Kwa hiyo ni busara kuhifadhi nakala ya faili kwa jina lingine, kuondoa vichujio vyote, na kuangalia kama namba za mistari zinaruka mahali popote. Namba zikitoka 320 kwenda 345, kuna mistari 24 imefichwa hapo, na haifai kuguswa kabla ya kufunuliwa na kusomwa. Vichujio huondolewa kwa sababu nyingine pia: vikiwa vimewashwa, amri ya kufuta mistari huigusa ile inayoonekana tu.

Sasa usafi wenyewe. Katika kisanduku cha jina, kilicho kushoto mwa upau wa fomula, mhasibu anaandika mistari anayotaka iondoke na kubonyeza Enter:

```
314:1048576
```

Mistari yote hiyo inachaguliwa kwa mpigo mmoja, bila kuburuta kitelezi. Kisha anabonyeza Ctrl na alama ya kutoa, au anabofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya namba za mistari na kuchagua `Delete`. Amri hii ni tofauti na kitufe cha Delete cha kibodi: inaiondoa mistari yenyewe pamoja na mapambo yake, na Excel inaweka mingine safi mahali pake. Safu zilizochafuka upande wa kulia husafishwa kwa njia hiyohiyo. Katika daftari hili ingeandikwa `I:XFD`. Hatua ya mwisho, ambayo wengi huisahau, ni kuhifadhi faili, kwa sababu Excel kwa kawaida hupima upya mstatili wake wakati wa kuhifadhi. Katika matoleo ya zamani ilibidi pia kulifunga faili na kulifungua tena. Baada ya hapo Ctrl na End zinatua H313, na kitelezi kinarudi kuwa kinene.

Asiyetaka kuondoa mistari, pengine kwa sababu pembeni kuna jedwali jingine linalopita humo, anaweza kuchagua seli husika tu na kwenda `Home`, kisha `Clear`, kisha `Clear All`. Amri hiyo hufuta maandishi na mapambo kwa pamoja na kuacha mistari ilipo. Ni salama zaidi kwa shiti yenye majedwali mengi.

Usalama huo una uzito, kwani kufuta mistari hubadilisha fomula zinazoitaja. Tuseme mahali fulani katika daftari la ada kuna fomula ya jumla `=SUM(D2:D1048576)`, aliyoiandika mtu akitaka kila mwanafunzi mpya ahesabiwe bila kuigusa tena. Mistari ya 314 hadi mwisho ikifutwa, Excel huifupisha yenyewe ikawa `=SUM(D2:D313)`. Jumla ya siku hiyo haibadiliki hata shilingi moja, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Mwezi unaofuata anaandikishwa mwanafunzi wa 313 kwenye mstari wa 314, na ada yake inaweza kubaki nje ya jumla. Hili ni kosa baya kuliko kitelezi kidogo, maana halionekani. Fomula inayotaja safu nzima, `=SUM(D:D)`, haifupishwi na usafi wa aina hii, mradi isiandikwe ndani ya safu ya D yenyewe. Na fomula iliyokuwa ikitaja seli moja ndani ya mistari iliyoondoka itaonyesha `#REF!`. Hiyo angalau inapiga kelele, na ile nakala iliyohifadhiwa mwanzoni inatosha kurekebisha.

Tatizo hili hujionyesha kwa sura nyingine mbili. Mtumiaji anataka kuingiza mstari mpya katikati ya orodha, na Excel inakataa ikidai kwamba itazisukuma seli zenye data nje ya shiti. Ujumbe huo unatatanisha kwa mtu mwenye mistari 312 tu, lakini ni wa kweli: ile nafasi moja katika mstari wa 1,048,576 haina pa kwenda. Sura ya pili hutokea kwenye uchapishaji, pale orodha ya kurasa saba inapotaka kuchapishwa kwa maelfu ya kurasa zenye mipaka mitupu. Katika hali zote mbili uchunguzi unaanza na Ctrl na End.

Ikiwa mistari imefutwa, faili limehifadhiwa, na kitelezi bado kimekataa kukua, inafaa kuutazama mstatili ambao Excel inauamini. Alt na F11 hufungua dirisha la programu ndogo za Excel, na Ctrl na G hufungua kisanduku cha amri za papo hapo. Humo huandikwa:

```
?ActiveSheet.UsedRange.Address
```

Jibu likiwa `$A$1:$H$313`, seli hazina lawama tena. Kinachobaki ni vitu vinavyoelea juu ya seli, kama picha, michoro na visanduku vya maandishi, ambavyo huweza kuburuzwa mbali pamoja na mistari. Hivyo vyote huorodheshwa katika `Selection Pane`, iliyo chini ya `Home` na `Find & Select`. Mara nyingi hupatikana kitufe au nembo iliyonakiliwa kutoka ukurasa wa tovuti, imekaa kimya mahali ambapo hakuna aliyewahi kufika.

Kuna shiti tupu ya namna nyingine kabisa: ile ambayo kweli haina kitu, kwa sababu data ziko kwenye shiti nyingine iliyofichwa. Excel hairuhusu shiti zote za faili zifichwe. Moja lazima ibaki wazi. Mtu aliyeficha shiti za hesabu ili zisiharibiwe hubakiza moja, na kama hakuipanga vizuri, anayefungua faili anakutana na `Sheet1` nyeupe. Hapo Ctrl na End zitatua A1, na kitelezi hakitakuwa kimebanwa kama cha daftari la ada. Ishara nyingine ni fomula inayotaja jina lisilokuwemo katika vichupo vya chini, kama vile `=Malipo!D2` wakati hakuna kichupo chenye jina Malipo. Uzito wa faili nao husema: shiti inayoonekana ina mistari kumi, faili lina megabaiti kumi na tano.

Kufunua ni rahisi. Kitufe cha kulia cha kipanya hubofywa juu ya kichupo chochote, kisha huchaguliwa `Unhide`, na orodha ya shiti zilizofichwa hutokea. Ikiwa neno hilo limefifia, ama hakuna shiti iliyofichwa kwa njia ya kawaida, ama muundo wa faili umefungwa. Kufungwa huko huonekana chini ya `Review`, kwenye `Protect Workbook`, na kama kumewekwa nywila, anayestahili kuulizwa ni aliyeiweka. Ikiwa vichupo vyenyewe havipo kabisa chini ya skrini, hurudishwa kupitia `File`, `Options`, `Advanced`, kwa kuweka alama kwenye `Show sheet tabs`.

Zaidi ya ufichaji wa kawaida kuna daraja la pili, ambalo Excel yenyewe huliita `xlSheetVeryHidden`. Shiti ya daraja hilo haitajwi hata kwenye orodha ya `Unhide`. Watengenezaji wa mifumo ya mishahara na ripoti hulipenda, na mtumiaji wa kawaida hawezi kuifunua shiti hiyo kupitia menyu. Huonekana kwenye lile dirisha la Alt na F11: upande wa kushoto kuna orodha ya shiti zote za faili, ziwe wazi au zimefichwa. Ikichaguliwa moja na kubonyezwa F4, sifa zake hufunguka, na mwishoni mwa orodha ya sifa kuna `Visible`, ambayo hubadilishwa kuwa `-1 - xlSheetVisible`. Kama shiti ni nyingi, mstari mmoja katika kisanduku cha amri hufunua zote:

```
For Each s In Sheets: s.Visible = -1: Next
```

Mstari huu hushindwa muundo wa faili ukiwa umefungwa. Usipofungwa, hufunua hata shiti ya siri kubwa bila kuuliza nywila, na ndiyo maana si haki kumwambia mwajiri kwamba mishahara iko salama kwa kuwa shiti yake imefichwa. Kuficha shiti kunapunguza fujo machoni. Hakumzuii mtu anayetaka kusoma. Shiti zilizofunuliwa nazo zipimwe kwa Ctrl na End, kwa sababu uchafu wa mbali hukaa ndani yake miaka mingi bila kuonekana, na mara nyingi ndizo zinazolinenepesha faili.

Mwisho ni hali ambayo hata miraba haipo. Faili limefunguliwa, lakini katikati ya skrini kuna kijivu kitupu, bila safu, bila mistari na bila vichupo. Hapo kilichofichwa ni dirisha zima la faili. Mtu alibofya `Hide` chini ya `View`, na hali hiyo ikahifadhiwa pamoja na faili. `Unhide` iliyo papo hapo chini ya `View` hutaja jina la faili, na likichaguliwa, shiti zote hurejea. Faili lihifadhiwe baada ya hapo, la sivyo litafunguka na kijivu kilekile.